Umewahi, si haba, na luku inayokwisha upesi

*Shikamoo mwalimu. Nimehamia Moshi kikazi, nimepanga chumba Majengo kwa mama mmoja mtu mzima. Ni mwema kwangu, lakini maneno yake yananichanganya. Siku moja nilirudi saa nne na nusu usiku, akanifungulia geti akasema, "Leo umewahi kweli, mwanangu." Nikamwambia asante. Nilipompelekea mtori nilioupika mwenyewe akaonja, akasema, "Si haba." Nikajua haukumpendeza. Juzi akanikuta mlangoni kwangu akasema, "Luku siku hizi inakwisha upesi." Nikamjibu, "Kweli mama, hata mimi nimeona." Tangu hapo ananijibu kwa mkato. Nasikia ninyi watu wa isimu mna kanuni za mambo haya. Ni zipi, na nitajuaje mtu anaposema hili akimaanisha lile?*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuyaandika maneno yake kama alivyoyatamka, maana hapa neno moja likihama hesabu yote inahama.

Kanuni ulizozisikia ni za mwanafalsafa Mwingereza, Paul Grice. Alizieleza katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967, na sehemu inayosomwa zaidi ikachapishwa mwaka 1975. Alianzia kwenye jambo ambalo kila mtu analijua bila kufundishwa: watu wanaozungumza wanasaidiana. Kila mmoja anatarajia kwamba atakachosema mwenzake kitafaa mazungumzo yalipofikia. Hiyo ndiyo kanuni ya ushirikiano. Chini yake aliweka miongozo minne. Sema kiasi kinachohitajika, kisipungue wala kisizidi. Usiseme unachoamini si kweli, wala jambo usilo na msingi wa kulisema. Sema linalohusika. Na useme kwa uwazi, bila kuzungukazunguka.

Wanafunzi wangu wengi huisoma miongozo hii kama adabu za kuzungumza, kana kwamba Grice alikuwa anatuonya tusipige porojo. Hapana. Miongozo hii ni matarajio, na kazi yake kubwa inaonekana pale mtu anapoivunja. Mtu anaweza kuuvunja mwongozo kwa siri: fundi anakwambia nguo yako itakuwa tayari kesho, hali anajua kitambaa hajakigusa. Huyo anadanganya, na anaomba usigundue. Mwingine anajitoa mazungumzoni: "Hilo, mwenzangu, siwezi kulisema." Halafu yuko anayeuvunja mwongozo mbele ya macho yako, akijua kwamba unaona, na akitaka uone. Mama yako mwenye nyumba ni wa aina hii ya tatu, na swali lako lote limo humu.

Kwa sababu mwongozo ukivunjwa waziwazi namna hiyo, msikilizaji ana njia mbili. Aseme kwamba mwenzake ameacha kuzungumza naye kwa maana yoyote, au atafute wazo ambalo likiwekwa chini ya maneno yale, maneno yanakaa sawa. Karibu siku zote tunashika njia ya pili, tena kwa kasi ambayo sisi wenyewe hatuioni. Wazo hilo tunalolipata tuliite kidokezo, maana kudokeza ndiko kunakofanyika: mtu anakuonyesha ncha, wewe unavuta uzi.

Twende getini kwanza. Ni saa nne na nusu usiku na mtu anakwambia umewahi. Si kweli, naye anajua si kweli, na anajua kwamba wewe pia unajua. Mambo hayo matatu yakikutana, uongo hauna pa kukaa. Ingekuwa mama alisinzia tangu magharibi, akaamka akidhani bado ni saa mbili, maneno yaleyale yangekuwa kosa la saa tu, wala usingehitaji kuyafikiria. Kinachoyafanya kuwa kinaya ni kwamba nyote wawili mnaijua saa.

Maelezo ya kwanza ya Grice yalikuwa kwamba kinaya ni kuvunja mwongozo wa ukweli ili msikilizaji apate kinyume cha kilichosemwa. Umewahi, maana yake umechelewa. Lakini yeye mwenyewe aliona kwamba hiyo haitoshi, na katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1978 akatoa mfano ambao huwa nauleta darasani kila mwaka. Mnapita barabarani, mnaona gari lililovunjwa kioo. Mwenzako anasema, "Tazama, gari lile vioo vyake vyote ni vizima." Ni uongo wa wazi kabisa, wote mnaona. Lakini hapo hapana kinaya. Unamtazama mwenzako tu usijue anataka nini. Kwa hiyo kusema kinyume peke yake hakuzai kitu. Grice akasema lazima pawe na hisia au hukumu inayobebwa na maneno hayo. Mwaka 1981 Dan Sperber na Deirdre Wilson wakaongeza kipande ambacho mimi naona ndicho kinachokufaa wewe zaidi: anayesema kwa kinaya anarudia wazo ambalo mtu fulani alikuwa nalo, au alitakiwa kuwa nalo, ili kuonyesha jinsi lilivyokosa kutimia.

Sasa jiulize, "umewahi" ya mama ilikuwa inarudia wazo la nani? Inawezekana siku unaingia nyumbani kwake alikutajia saa ya kufunga geti, nawe ukasema utakuwa unawahi. Kama ndivyo, aliyarudisha maneno yako mwenyewe. Hata kama hukusema, lipo tarajio la kila nyumba kwamba mpangaji arudi mapema, na tarajio hilo halihitaji kutamkwa ili lirudiwe. Ukitaka kuhakikisha, geuza. Fikiria umerudi saa kumi na mbili jioni, jua halijazama, naye anakwambia, "Leo umechelewa kweli." Ungebaki unashangaa, isipokuwa kama mchana ulimpigia simu kumwambia utachelewa. Kuchelewa si jambo ambalo watu wanalitarajia na kulitamani, kwa hiyo halipo tayari kurudiwa. Ndiyo maana mtoto aliyerudi na tope mwili mzima anaambiwa "Umependeza!" na kila mtu anaelewa, wakati mtoto aliyeoga akiambiwa "Umechafuka!" hapana anayeelewa.

Jambo jingine ni lile "kweli". Mtu anayetoa taarifa ya kawaida hana haja ya kuikazia. Mkazo ukiwekwa juu ya jambo ambalo wote mnaona si kweli, mkazo huo ndio alama. Nina hakika pia alilivuta neno hilo kwa sauti, na hilo ujumbe wa simu hauwezi kulibeba; ndiyo sababu kinaya cha kuandikwa huzua ugomvi. Na alimalizia na "mwanangu". Neno hilo lina kazi kubwa. Bila hilo, maneno yake yangekuwa karibu na kijembe, yaani kinaya kinachokusudia kuchoma. Akilitia, anakukaripia kama mtu wa nyumbani. Wewe ulipojibu "asante" uliyapokea kama sifa. Jibu lingekwenda kwenye kidokezo, si kwenye maneno: "Nisamehe mama, kazini walituchelewesha." Huhitaji kusema kwamba umeelewa. Ukiomba radhi, tayari umeonyesha.

Mtori ni kisa tofauti, na hapo nadhani ulijihukumu bure.

Kuna kudokeza kusikovunja chochote. Nikikwambia baadhi ya wageni wamekula, utajua kwamba si wote, ingawa sikusema hivyo. Umetegemea kwamba ninafuata mwongozo wa kiasi: ningejua wamekula wote, ningesema wote. Anayechagua neno dogo kwenye ngazi anadokeza kwamba neno kubwa halistahili. Wewe uliisoma "si haba" kwa ngazi hiyo. Ukasema, kama ungekuwa mzuri angesema mzuri. Hakusema, basi si mzuri. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa pale ambapo mtu anakupimia maneno kwa uangalifu, kama fundi anayekwambia injini ya gari unalotaka kununua "si mbaya". Hapo funga mkoba wako kwanza.

Lakini kuna kusema pungufu kwa makusudi, na huko matokeo yanageuka. Mtu anachagua neno lililo chini kabisa ya jambo lenyewe, pengo likiwa kubwa kiasi kwamba wote mnaliona. Kwa kuwa pengo linaonekana, haiwezekani anadokeza kwamba neno kubwa halistahili. Anakuachia ulijaze mwenyewe. Muulize mfanyabiashara wa soko la Mbuyuni siku ambayo ndoo zote zimebaki tupu, "Biashara ilikuwaje?" Atakwambia, "Si haba." Haba ni kidogo, ile ya haba na haba hujaza kibaba, si haba ni "si kidogo". Hataki kujisifu, hataki kuamsha kijicho, pengine pia hataki mtu amwombe mkopo. Neno hili limetumika hivyo kwa muda mrefu mpaka limeganda: leo wengi wanalisikia kama kuridhika, bila kupitia hesabu yoyote. Vidokezo huganda hivyo. Vikirudiwa vya kutosha vinakuwa sehemu ya maana ya neno, na atakayetaka kuvifuta anapata shida.

Kwa hiyo kwenye mtori tazama kile ambacho hukukiandika. Je, alimaliza bakuli? Alikurudishia chombo kitupu, au na kitu ndani? Alikuuliza ndizi umenunua wapi? Maneno "si haba" peke yake hayaamui. Kinachoamua ni kile ambacho wote wawili mlikuwa mnakiona mezani. Na kumbuka ni nani aliyeonja. Mama mtu mzima wa Moshi ameonja mtori tangu utoto wake. Kwa mgeni aliyeupika kwa mara ya kwanza, "si haba" kutoka kinywani mwake mimi ningeipokea kwa furaha. Ambalo lingenitia wasiwasi ni "Umejitahidi." Hilo linasifu juhudi wakati kilichokuwa mezani ni chakula. Grice ana mfano maarufu wa namna hiyo: mwalimu ameombwa barua ya kumpendekeza mwanafunzi kwa kazi ya kufundisha falsafa, akaandika kwamba kijana anaijua lugha vizuri na huhudhuria masomo, akaishia hapo. Mwalimu anamjua mwanafunzi wake na anajua kinachohitajika. Akikinyamazia, kila msomaji wa barua ameshapata jibu.

Kusema pungufu kunabeba pia mambo mazito. Miaka mingi iliyopita nilikuwa naishi Arusha, na usiku mmoja kaka yangu alipiga simu kutoka nyumbani Machame. Akasema, "Baba mdogo anaumwa kidogo. Panda gari la kwanza asubuhi." Yatazame maneno hayo mawili yalivyokaa pamoja. Kama ni kidogo, gari la kwanza la nini? Kama ni gari la kwanza, kidogo imetoka wapi? Kaka yangu si mtu wa kubabaika, na alijua nitaliona pengo hilo. Mwongozo wa kiasi ulimtaka aseme yote. Huruma ilimtaka asilitupe neno lenyewe kwenye sikio la mtu aliye peke yake chumbani usiku. Grice alikiri kwamba miongozo hugongana, na kwamba nje ya ile minne yapo matakwa mengine, ya heshima na utu, yanayovutana nayo. Kaka alitafuta sentensi ambayo ingenifikisha nyumbani, na ambayo ningeweza kuielewa kwa kiasi nilichoweza kukibeba usiku ule. Sikuuliza zaidi, naye hakuongeza. Nilifungasha khanga na nguo za siku nne.

Nimekusimulia hayo ili uone kwamba kuzunguka namna hii si ujanja, wala si tabia ya watu wasiopenda kusema wazi. Kuna mambo ambayo sentensi iliyonyooka haiwezi kuyafanya.

Luku ndiyo iliyoharibu mambo kati yenu, kwa hiyo tuichambue taratibu.

Luku, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, katika nyumba nyingi za kupanga ni mita moja, na wapangaji wanachanga. Sijui mmepatana vipi nyumbani kwenu, ila nachukulia ndivyo. "Luku siku hizi inakwisha upesi." Mwongozo wa ukweli haujavunjwa, umeme kweli unakwisha. Uwazi upo, hata mtoto anaielewa sentensi. Tatizo liko kwingine: kwa nini akuambie wewe, na kwa nini mlangoni kwako? Wewe si fundi wa mita. Kama ni habari, tayari unaijua, maana taa zinapozimika zinazimika kwako pia, naye anajua kwamba unajua. Ikichukuliwa kama habari, basi haikupi chochote na haihusiani na lolote mlilokuwa mnazungumza. Mwongozo wa kiasi na wa uhusiano yote miwili imevunjwa, mchana kweupe.

Sasa utafute wazo la kuirudisha sentensi mahali pake. Ni jambo gani kuhusu luku linalokuhusu wewe, uliyesimama mlangoni? Ni lile unaloweza kulifanya. Na unaweza kufanya mawili: kuchanga, au kupunguza matumizi. Lipi kati ya hayo? Maneno yake hayasemi, na Grice alikubali kwamba kidokezo kinaweza kubaki na vichwa viwili bila mzungumzaji kukosea. Hapo unapaswa kutazama mambo yako mwenyewe. Kama mwezi huu hujachanga, jibu unalo. Kama umechanga sawa na wenzako lakini una jiko la umeme au hita ya maji ambayo wao hawana, jibu ni hilo jingine.

Ukitaka kuwa na hakika kwamba hiki ni kidokezo na si maana ya maneno yenyewe, ziko njia mbili ambazo hazijaniangusha. Ya kwanza ni kujaribu kukifuta. Fikiria mama angesema, "Luku siku hizi inakwisha upesi, lakini wewe sina neno nawe, umeshachanga." Hajajipinga popote. Linganisha na "Naomba uchangie luku, lakini sitaki uchangie." Hiyo inajigonga yenyewe. Kidokezo hufutika bila kuacha ufa. Maana ya maneno haifutiki. Ya pili ni kubadili maneno. Angesema "Umeme haukai siku hizi" au "Yuniti zinayeyuka tu", kidokezo kingebaki palepale, kwa sababu hakikai ndani ya neno "luku" wala "upesi". Kimekaa katika tendo la kukuambia wewe, saa ile, mlangoni pale. Njia hii ya pili haifanyi kazi pale mtu anapodokeza kwa kuvunja mwongozo wa uwazi, kwa mfano wazazi wanaozungukazunguka maneno ili mtoto aliyepo asielewe, maana huko namna ya kusema ndiyo yenyewe inayodokeza.

Kwa nini asiseme tu, "Naomba uchangie luku"? Kiswahili kina ombi la moja kwa moja lenye adabu tele. Neno "naomba" linatosha dukani, mezani na ofisini. Lakini hapa ombi lenyewe lina uzito: linamwambia mtu mzima mwenzako kwamba hajatimiza wajibu. Waswahili wanasema uso umeumbwa na haya. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1978, walilieleza jambo hili kwa neno hilohilo, uso, na wakaonyesha kwamba kidokezo kinaulinda uso wa pande zote mbili. Wewe unapata nafasi ya kutoa pesa kana kwamba wazo ni lako. Yeye, ukiudhika, anaweza kusema kwa haki kabisa, "Mimi nilisema luku inakwisha tu."

Bei ya ulinzi huo ni kwamba hauonyeshi kilichotokea pale kidokezo kinapoanguka. Wewe ulijibu "Kweli mama, hata mimi nimeona," yaani uliipokea sentensi kama habari na ukakubaliana nayo. Sasa jiweke mahali pake. Hawezi kujua kama hukuelewa, au umeelewa na unajifanya hukuelewa. Hawezi kukuuliza, kwa kuwa akikuuliza atakuwa amesema lile alilokuwa anakwepa kulisema. Kwake yeye, jibu lako linafanana kabisa na la mtu anayekwepa kulipa. Ule mkato unaousikia sasa, naamini, unatoka hapo. Sidhani kama ana chuki. Hajui tu akuweke wapi.

Usiende kumuuliza alimaanisha nini. Kumtaka aliyedokeza afafanue ni kumvua kile alichojifunika. Mpelekee pesa jioni, sema, "Mama, hii ya luku," usiongeze "kama ulivyosema." Na siku nyingine ukikutana na sentensi ambayo huna hakika nayo, ipo namna ya kujibu isiyokufunga: "Imekwisha tena, mama? Ngoja nitazame upande wangu." Kama ilikuwa kidokezo, umekipokea. Kama ilikuwa mazungumzo tu, hakuna aliyeumbuka.

Nakuonya jambo moja, kwa sababu nimeliona kwa wanafunzi wanaojifunza haya kwa mara ya kwanza: wanaanza kusikia vidokezo kila mahali. Mama akisema asubuhi, "Leo mlima unaonekana vizuri," anazungumzia mlima. Sentensi hiyo inafaa mazungumzo ya asubuhi kama ilivyo, haijavunja kitu, hakuna pengo la kujaza. Anza siku zote na swali hilo: je, maneno yenyewe, kama yalivyo, yanatosha pale yaliposemwa? Yakitosha, simama hapo.

Na pengo lenyewe hupimwa kwa desturi ya mahali. Mwaka 1976 Elinor Keenan aliandika juu ya kijiji cha Madagaska ambako watu kwa kawaida hawatoi habari yote wanayoulizwa. Habari mpya ni mali, na tena mtu anaogopa kubeba lawama ya alichokisema. Huko, anayejibu pungufu hadokezi chochote, kwa sababu hakuna aliyetarajia zaidi. Wageni wengi wanaokuja kwetu hukosea hapohapo. Unamuuliza jirani, "Unakwenda wapi?" anakujibu, "Hapo mbele tu." Aliyezoea kupewa jibu kamili atadhani amefichwa jambo au ameambiwa yasiyomhusu. Lakini lile swali ni nusu salamu, na jibu lake pia. Kadhalika tunapoulizwa habari za nyumbani tunasema nzuri kwanza, hata kama kuna mgonjwa ndani, kisha ndipo inakuja "ila mtoto hakulala vizuri." Ile "nzuri" haijauvunja mwongozo wa ukweli. Ni mlango tu, habari inaanzia kwenye "ila", na mgeni asiyesubiri hiyo "ila" huondoka na salamu bila habari.

Kwa hiyo kaa na mama yako, umsikilize anavyozungumza na wapangaji wenzako siku za kawaida, ujue kipimo chake. Ukishakijua, siku atakayokipita au kupungukiwa utaisikia mwenyewe.

Ukimpelekea zile pesa za luku, huenda akasema, "Ah, mwanangu, ulijisumbua nini?" huku mkono wake unaifunga noti kwenye pindo la khanga. Usimjibu kwamba haikuwa shida, wala usianze kueleza. Mwambie, "Haya mama, ulale salama," uende zako chumbani.